Kufuta kurasa za zamani kwenye WordPress bila kumpoteza mkulima njiani

Duka ninalolitunzia tovuti liko hapa Mtwara mjini. Linauza salfa, dawa za maji, pampu za kupulizia na miche ya korosho. Tovuti yenyewe ni ya WordPress, na kwa miaka mingi kila aliyeishika aliongeza makala mpya ya msimu bila kuigusa ya msimu uliopita. Nilipokabidhiwa nilikuta ratiba ya kupulizia salfa ya 2017, ya 2019 na ya 2021, zote zimechapishwa, kila moja na anwani yake, na zinapishana. Mkulima wa Tandahimba akiandika swali lake Google, anaweza kuletewa ya 2019 na akaifuata kama ya leo. Hapo kufuta hakukuwa suala la usafi. Ilikuwa lazima zile za zamani ziondoke na ibaki moja.

Niliyepokea kazi kwake alikuwa ameshaanza kufuta. Kurasa kadhaa zilikuwa zimekwenda, na baada ya watu kulalamika kwamba linki hazifunguki, aliweka plagini moja inayomchukua kila aliyekosa ukurasa na kumtupa kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukiangalia juu juu utasema tovuti haina ubovu, kwa sababu kila linki inafunguka. Lakini mtu aliyebonyeza "Ratiba ya salfa" kwenye grupu la WhatsApp la AMCOS yake anaona picha ya duka, maneno ya karibu na namba ya simu. Hajaambiwa kwamba alichokuja kukitafuta hakipo. Anarudi nyuma, anabonyeza tena, bando linakwenda, mwisho anapiga simu dukani. Simu hizo mama mwenye duka alikuwa akizipokea yeye, ndiyo maana siku ya kwanza tu aliniambia, "Mwanangu, mimi mambo ya kompyuta sijui, ila hawa watu wanaoniuliza ratiba iko wapi, nataka waache kuniuliza."

Mtindo huo wa kutupa kila kitu ukurasa wa mwanzo una hasara mbili nyingine zisizoonekana. Google ikiona anwani ya ratiba inaishia kwenye ukurasa usiohusiana na ratiba, huihesabu kama ukurasa uliokosekana tu, kwa hiyo hata ile nafasi ambayo anwani ya zamani ilikuwa nayo kwenye matokeo hairithiwi na mtu. Ya pili ndiyo iliyonitesa mimi: seva inajibu 301, yaani "kimehamia huku moja kwa moja", mahali ilipopaswa kujibu 404, yaani "hakipo". Kwa hiyo huna mahali pa kuona ni linki zipi zimekatika. Kazi yangu ya kwanza ikawa kuizima ile plagini na kuacha 404 zitokee waziwazi.

Badala yake niliweka plagini inayoitwa Redirection, ya bure, ambayo ukishaiweka inaonekana ndani ya WordPress kwenye Tools. Ina mambo mawili niliyoyahitaji: inaweka kanuni za kuelekeza anwani moja kwenda nyingine, na inaandika kumbukumbu ya kila 404 iliyotokea. Niliiacha ikusanye kabla ya kugusa chochote. Ukiifungua kumbukumbu hiyo mara ya kwanza usitishike. Sehemu kubwa ni roboti zinazobisha milango, zinazotafuta mafaili kama `/.env` au kurasa za plagini ambazo hujawahi kuwa nazo. Hizo achana nazo. Zinazokuhusu utazijua kwa sababu zina maneno yako, kama `/miche/`.

Orodha ya pili niliitoa Search Console, kwenye ripoti ya Performance, kichupo cha Pages, ambako unaona ni anwani zipi watu wanazifikia kutoka Google, kisha kwenye Links, ambako unaona kurasa zinazounganishwa na tovuti nyingine. Orodha ya tatu haiko kwenye kompyuta yoyote. Niliuliza dukani wamewahi kuchapisha nini, nikaletewa kipeperushi chenye msimbo wa QR, ambacho kilikuwa kimebandikwa kwenye maghala ya vyama kadhaa vya msingi. Msimbo ule ulikwenda kwenye ratiba ya 2019. Karatasi iliyoko ukutani huwezi kuihariri, na ujumbe uliosambazwa WhatsApp ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu anwani inaweza kuwa na thamani hata baada ya maandishi yake kukosa thamani.

Nilifungua jedwali lenye safu tatu: anwani ya zamani, anayeifungua anatafuta nini, na apelekwe wapi. Ningekushauri usiiruke ile safu ya katikati. Ukijaza ya kwanza na ya tatu peke yake utaanza kuelekeza kwa kufananisha vichwa vya habari. Safu ya katikati inakulazimisha umfikirie mtu. Ratiba zote tatu: anatafuta apulizie lini na vipi, kwa hiyo zote ziende kwenye mwongozo mmoja mpya, `/ratiba-ya-salfa/`, ambao anwani yake haina mwaka. Hilo la kutoweka mwaka kwenye anwani nililiamua makusudi, ili msimu ujao tubadilishe maandishi tu na anwani ibaki ile ile. Bei za mnada za misimu iliyopita: anayezifungua anatafuta kumbukumbu, na kumbukumbu haipitwi na wakati. Hizo sikuzifuta. Niliziandikia sentensi moja juu kwamba ni za msimu uliopita, basi. Tangazo la pampu iliyopotea Nanyamba: hakuna anayelitafuta tena, na hakuna ukurasa unaochukua nafasi yake. Hilo lifutwe, na lijibu wazi kwamba limeondolewa.

Nikafika kwenye `/pampu/`. Ulikuwa ukurasa wa kukodi pampu, mtangulizi wangu aliufuta duka liliposimamisha huduma hiyo. Huduma imerudi na ina ukurasa wake mpya, `/huduma/kukodi-pampu/`. Niliuandika kwenye jedwali, nikapanga kuushughulikia baada ya ratiba. Kabla sijaufikia, simu ikaita.

"Mwanangu, kuna mteja hapa anasema amebonyeza ile linki yetu ya kukodi pampu, imemletea tangazo la pampu iliyopotea. Anauliza kama pampu tunazokodisha ni za wizi."

Nilicheka kwanza, halafu nikaenda kuangalia. Ni kweli. Sikuwa nimeweka kanuni yoyote ya `/pampu/`, na ile plagini ya ukurasa wa mwanzo nilishaizima. Nilitegemea 404. Lakini nikiandika anwani hiyo kwenye brauza, inahama yenyewe na kutua kwenye `/pampu-iliyopotea-nanyamba/`.

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi wanaoendesha WordPress hawalijui, na ndilo lililonifanya niandike haya. WordPress ikikosa ukurasa haikati tamaa mara moja. Kabla ya kutoa 404 inajaribu kukisia ulikuwa unatafuta nini, na namna inavyokisia ni ya kitoto: inachukua kipande cha mwisho cha anwani, kile kinachoitwa Slug, na kutafuta makala yoyote iliyo hewani ambayo Slug yake inaanza na herufi hizo hizo. `pampu` imefutwa, `pampu-iliyopotea-nanyamba` inaanza na `pampu`, basi inakupeleka huko kwa 301. Haisomi kichwa cha habari wala maandishi. Mara nyingi kisio hilo linasaidia, mtu akiwa amekata anwani katikati wakati wa kunakili. Lakini ukiwa umefuta ukurasa wenye jina fupi, na una makala nyingine zenye majina marefu yanayoanza na neno lile lile, matokeo yake ni ya bahati nasibu. Na kwa kuwa linki "inafunguka", utaamini iko salama.

Namna ya kujua nani ameelekeza ni kuiuliza seva yenyewe. Kwenye Windows 10 na kuendelea fungua Command Prompt, kwenye Linux au Mac fungua Terminal, kisha andika hivi, ukiweka anwani yako mahali pa hii ya mfano:

```
curl -I https://example.com/pampu/
```

Amri hii haileti ukurasa mzima, inaleta kichwa cha jibu tu, kwa hiyo hata kwa mtandao wa kusuasua inakwenda. Mistari niliyopata, nikiacha ile isiyohusika, ilikuwa hii:

```
HTTP/2 301
location: https://example.com/pampu-iliyopotea-nanyamba/
x-redirect-by: WordPress
```

Mstari wa mwisho ndio ushahidi. Kuanzia toleo la 5.1, WordPress inajitaja kila inapoelekeza. Ikiwa ni kanuni yako uliyoiweka kwenye plagini ya Redirection, utaona `x-redirect-by: redirection`. Na kama mstari huo haupo kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeelekeza ni seva, kupitia faili la `.htaccess`, kabla ombi halijaifikia WordPress. Kujua hivyo kunakuokolea muda mwingi wa kutafuta kanuni mahali isipo.

Tiba ya `/pampu/` ilikuwa rahisi. Kwenye Redirection unaandika anwani ya zamani pale Source URL na mpya pale Target URL, unahifadhi, unauliza tena kwa `curl`, na sasa inajibu kwamba ni `redirection` na mahali sahihi. Kanuni ya plagini inatangulia kisio la WordPress, kwa hiyo ukishaiweka kisio hakipati nafasi. Swali likawa: zile ambazo sijazijua je? Nilijadiliana na rafiki yangu wa Lindi anayefanya kazi hizi hizi, akaniambia, "Kaka, mimi kisio nakizima kabisa. Bora mtu aone hakuna kuliko kuona kisichokuwa chake." Nilikubaliana naye, hasa kwa tovuti inayozungumzia dawa. Kuanzia WordPress 5.5 kinazimwa kwa mstari mmoja:

```php
add_filter( 'do_redirect_guess_404_permalink', '__return_false' );
```

Mstari huo unakaa kwenye `functions.php` ya mandhari-mtoto. Ukiuweka kwenye mandhari yenyewe utafutika siku ya kusasisha. Na kwa vile sasa watu wangeona 404 halisi, nilitengeneza ukurasa wa 404 wa Kiswahili wenye kisanduku cha kutafutia, linki ya mwongozo wa salfa na namba ya duka. Ule uliokuja na mandhari ulikuwa wa Kiingereza na mzaha ambao hauchekeshi.

Sasa ratiba. Watu wengi hufuta kwanza halafu wakaweka kanuni, na katikati ya hapo kuna kipindi ambacho linki zimekufa. Si lazima. Kanuni ya Redirection inafanya kazi hata ukurasa wa zamani ukiwa bado hai, kwa sababu inashika ombi kabla ukurasa haujafunguliwa. Kwa hiyo nilianza na mwongozo mpya. Niliuandika, bwana shamba akaupitia neno kwa neno, ukachapishwa. Kabla ya kuendelea nilisoma maoni yaliyokuwa chini ya makala za zamani, maana ukifuta makala na maoni yake yanakwenda. Humo kulikuwa na maswali mazuri ya wakulima kuhusu ubwiriunga na majibu yaliyotolewa wakati ule. Yale ambayo bwana shamba alisema bado yanafaa niliyaingiza kwenye mwongozo.

Halafu nikaweka kanuni tatu, kila ratiba ya zamani kwenda `/ratiba-ya-salfa/`, lakini kwa kuanzia nilichagua 302 badala ya 301. Tofauti yake ni kwamba 302 inasema "kwa sasa nenda huku", na 301 inasema "kimehama moja kwa moja". Brauza ikiambiwa 301 inaweza kuikariri na safari nyingine isiulize seva tena. Ukikosea mahali pa kupeleka, ukasahihisha kwenye tovuti, simu ya mkulima inaweza kuendelea kumpeleka kulekule kwa kosa, na huna namna ya kuifikia simu yake. Nikiridhika na majaribio ndipo nabadili kuwa 301, kwa sababu ndiyo inayoiambia Google wazi kwamba makao mapya ni haya. Kwa sababu hiyo hiyo, ukijaribu kwa brauza tumia dirisha la siri, ama `curl`, vinginevyo utakuwa unajaribu kumbukumbu ya simu yako na si tovuti.

Kuna kipengele kidogo pale pale kwenye kanuni ambacho usikipite, kinachohusu vigezo vinavyofuata alama ya kuuliza. Linki ikipita Facebook hurudi na mkia wa `?fbclid=` na herufi ndefu. Kanuni ikiwa inadai anwani ifanane mpaka mwisho, mwenye mkia anaachwa nje. Nilichagua `Ignore & pass parameters to the target`, nikajaribu kwa kuongeza mkia wa uongo mwishoni mwa anwani, ikapita.

Ratiba ya 2017 ndiyo iliyogoma. Nikiipiga `curl -I` inajibu 301, lakini inakwenda `/ratiba-ya-salfa-2019/`, na mstari wa `x-redirect-by` haupo. Nikajua ni seva. Kwenye `.htaccess`, juu ya alama ya `# BEGIN WordPress`, kulikuwa na hii:

```
Redirect 301 /ratiba-ya-salfa-2017 /ratiba-ya-salfa-2019
```

Mtu fulani zamani alielekeza ya 2017 kwenda ya 2019. Haikuwa vibaya kwa wakati wake. Ila sasa ya 2019 nayo inaelekezwa kwenda mwongozo mpya, kwa hiyo anayeanzia 2017 anarushwa mara mbili. Inafika, ndiyo, na Google huvumilia miruko mpaka kumi. Lakini kila mruko ni ombi jingine, na kwa mtu wa Liwale anayesubiri mtandao ushike, mruko mmoja wa ziada anausikia. Isitoshe minyororo ya namna hii ndiyo huzaa duara: siku mtu akielekeza mwongozo urudi kwenye moja ya anwani zile, brauza inazunguka mpaka inakata na kuandika `ERR_TOO_MANY_REDIRECTS`. Nilinakili faili zima la `.htaccess` pembeni kwanza, kwa kuwa herufi moja ikikosewa humo tovuti yote inatoa 500, kisha nikauondoa mstari ule na kuiacha kanuni ya Redirection ifanye kazi yake moja kwa moja. Ukitaka kuona miruko yote mpaka mwisho ongeza herufi moja tu:

```
curl -IL https://example.com/ratiba-ya-salfa-2017/
```

Unachotaka kuona ni mruko mmoja tu, 302 wakati wa majaribio au 301 ukishaibadili, halafu 200. Ukiona miruko miwili mfululizo, rudi ukanyooshe.

Baada ya hapo nikahamisha makala tatu kwenda Trash. Hapo hazijafutika bado. WordPress huzihifadhi siku 30 kabla ya kuziondoa yenyewe, na katika muda huo inabandika `__trashed` mwishoni mwa Slug ili jina la zamani liwe huru. Siku hizo 30 ni zako za kusikiliza: kama kuna kitu umekisahau ndani ya makala, bado unaweza kukirudisha. Nilikuwa nataka kazi iwe imekwisha kabla mikorosho haijaanza kuchipua na kutoa maua, maana hapo ndipo ratiba inapobonyezwa kuliko wakati wowote, na si msimu wa kufanyia majaribio.

Lakini kuna deni moja la siri ambalo siku 30 zikipita huwezi kulilipa kirahisi. Ukiwahi kubadili Slug ya makala iliyochapishwa, WordPress hukumbuka jina la kwanza na kuelekeza yenyewe. Inafanya hivyo kwa makala za blogu, kwa kurasa za kawaida haifanyi. Kumbukumbu hiyo imefungwa na makala. Ukiifuta makala, inaondoka nayo, na anwani ile ya kwanza kabisa inakufa hata kama ya pili umeielekeza vizuri. Niliangalia kwenye phpMyAdmin:

```sql
SELECT post_id, meta_value FROM wp_postmeta
WHERE meta_key = '_wp_old_slug';
```

Kiambishi cha `wp_` kinaweza kuwa tofauti kwako. Nilikuta ratiba ya 2019 iliwahi kuitwa `salfa-mtwara`, na kumbe ndiyo iliyokuwa kwenye baadhi ya jumbe za zamani za WhatsApp. Nikaiongezea kanuni yake.

Nilidhani nimemaliza. Nikaandika Google `site:` ikifuatiwa na jina la tovuti yetu na `filetype:pdf`, kwa kujaribu tu, na ratiba ya 2017 ikatokea vile vile, nzima, kama PDF. Kufuta makala hakufuti picha wala mafaili yaliyopandishwa nayo. Yanabaki kwenye Media, na kila moja lina anwani yake ndani ya `/wp-content/uploads/`. Ile karatasi niliyokuwa nahangaika kuiondoa ilikuwa ingali mtandaoni, na kwa mkulima ndiyo rahisi zaidi kusambaza. Nilipakua nakala kwa ajili ya kumbukumbu, nikalifuta faili kwenye Media, ambako kwa kawaida hakuna Trash, ukifuta limekwenda. Kisha nikaweka kanuni ya anwani yake kwenda mwongozo mpya. Kwetu ilikubali, kwa sababu seva ni Apache na faili likikosekana ombi linapelekwa WordPress. Kwenye seva za Nginx mara nyingi mafaili hujibiwa na seva yenyewe, kanuni ya plagini isione kitu, na hapo itabidi umwombe anayekuuzia nafasi ya seva aiweke upande wake.

Tangazo la pampu ya Nanyamba halikuwa na pa kwenda, kwa hiyo sikulilazimishia. Kwenye Redirection, pale When matched, nilichagua `Error (404)` na msimbo wa 410, unaosema kwamba kitu kilikuwepo na kimeondolewa makusudi. Kwa Google 404 na 410 hazipishani sana. Nilitaka 410 ili nami nikisoma orodha baada ya mwaka nijue hii iliamuliwa, haikupotea.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono. Linki za ndani ya tovuti hazifai kuishi kwa kuelekezwa, zinapaswa kuandikwa upya. Kisanduku cha kutafuta kwenye orodha ya makala kinatafuta mpaka ndani ya maandishi, kwa hiyo nikiandika `ratiba-ya-salfa-20` kinaniletea kila makala iliyoitaja anwani ya zamani, nami naibadili. Fanya hivyo hivyo kwenye orodha ya kurasa. Menyu iangalie peke yake: ukurasa ulioingizwa kama ukurasa huondoka kwenye menyu ukifutwa kabisa, ila linki iliyoandikwa kwa mkono inabaki ikielekea hewani.

Kuhusu muda wa kuacha kanuni, Google wanashauri angalau mwaka 1. Ya QR iliyoko kwenye maghala mimi siiondoi kamwe, haili chakula. Kumbukumbu ya 404 naifungua mara moja moja, zaidi msimu ukikaribia. Na kama una jedwali lako la kanuni, liangalie kila unapochapisha ukurasa mpya. Kuna wakati tulitaka kurudisha ukurasa wa miche kwa jina lake la zamani, `/miche/`. Tukauchapisha, kila tukiufungua unatupeleka kwenye orodha ya bei. Ukurasa haukuwa na tatizo. Kanuni ya zamani ya `/miche/` ilikuwa bado iko kazini, na kama nilivyosema, kanuni inatangulia ukurasa hata ukurasa ukiwa hai. Nenda kwenye Redirection, tafuta Slug hiyo, bonyeza Disable, kisha waambie walioufungua kabla ya hapo wajaribu kwa dirisha la siri, kwa sababu simu zao zinaweza kuwa bado zimeikariri 301.